Kisa cha "Habari Ng": tulivyolikata jina moja kuwa matatu kwenye sistimu ya ghala la dagaa

Majina yote humu nimeyabadilisha, ghala silitaji, benki siitaji, na mwaka nimeuacha. Mtu wa Mwanza akisoma anaweza kubahatisha, ila abaki nayo mwenyewe.

Usuli

Kuna ghala moja kando ya ziwa linapokea dagaa na samaki wakavu kutoka visiwani, wavuvi na kina mama wanaleta magunia, yanapimwa, karani anaandika, alafu wanalipwa Ijumaa. Upande wa pili kuna wanunuzi, wengi wa hapa hapa lakini wapo Waganda na Wakongo pia wanaobeba mzigo mkubwa. Mimi nilikuwa nawatunzia sistimu. Niliirithi kwa kijana aliyenitangulia, inakaa kwenye PostgreSQL 14, na jedwali la `wateja` lilikuwa na kolamu moja tu ya jina, `jina_kamili`. Watu kama elfu sita hivi, wauzaji na wanunuzi wamechanganywa humo humo.

Miaka yote hio kolamu moja haikumsumbua mtu. Karani anaandika jina anavyolisikia, risiti inatoka, pesa inalipwa mkononi. Shida ilikuja pale mwenye ghala alipochoka kubeba hela taslimu akaamua malipo yapite benki, na benki wakatuma mfano wa faili lao: FIRST NAME, MIDDLE NAME, LAST NAME, namba ya akaunti, kiasi. Na wakasema wazi kwamba jina lisipolingana na la akaunti malipo yanarudi.

Mambo yalivyoenda

Nilifanya kile ambacho naamini wengi wangefanya. Nikaongeza kolamu tatu nikakata kwenye nafasi:

```sql
UPDATE wateja SET
  first_name = split_part(jina_kamili, ' ', 1),
  last_name  = split_part(jina_kamili, ' ', -1);
```

Kilichobaki katikati kikaenda `middle_name`. Nikafungua rekodi kama thelathini za mwanzo, zote Juma Masanja Mabula, Neema Petro Magesa, safi kabisa. Wiki iliyofuata nikaifuta `jina_kamili` ili makarani wasiendelee kuitumia, maana nilijua wakiiona wataijaza tu. Hapo ndipo nilipokosea kuliko pote na nitaeleza mbele.

Ijumaa ya kwanza tukatuma faili la malipo 380 na kitu, yakarudi 61. Tulidhani benki wana shida yao. Jumamosi asubuhi nipo pale ofisini akaja mzee mmoja, muuzaji wa siku nyingi, kashika simu mbele kama mtu aliyeshika kitu kilichooza. Nikamwamkia, "Mwangaluka babu." Akajibu "Mhola duhu," alafu akanigeuzia kioo cha simu. Meseji yetu ya malipo ilikuwa imeandika: *Habari Ng, malipo yako yanashughulikiwa.*

"Mjukuu wangu, huyu Ng ndio nani?"

Anaitwa Ng'wandu Masanja Shija. Sistimu ilikuwa inamjua kwa jina la Ng.

Nikatafuta wateja wote ambao `first_name` ni "Ng" nikapata zaidi ya mia. Yaani kwa Wasukuma tu, kina Ng'wandu, kina Ng'wana Fulani, wote wamegeuka Ng. Nilipochimba nikakuta sio skripti yangu iliyoanza. Kijana aliyenitangulia alikuwa anaunganisha kwiri kwa kubandika maneno moja kwa moja, sasa mtu akiandika Ng'wandu ile alama ya ' inaivunja kwiri na fomu inagoma. Dawa yake ikawa kubadilisha kila ' kuwa nafasi kabla ya kuhifadhi. Kwa hiyo kwa miaka yote hio humo ndani kulikuwa na "Ng wandu", na kwenye risiti watu waliona ni kosa dogo la uandishi wakalivumilia. Mimi nilipokata kwenye nafasi ndio kidonda kikafunguka.

Na kosa hilo hilo lilikuwa na sura ya pili ambayo ilinichukua siku mbili kuiona. Benki walikuwa wamerudisha malipo kadhaa kwa sababu LAST NAME ni tupu, na nilipoangalia wengi ni Wajaluo, wa Rorya na wa kutoka ng'ambo ya mpaka. Otieno Ochieng', Rose Achieng'. Kwao ile alama iko mwisho wa jina, kwa hiyo ilivyogeuzwa nafasi jina likawa "Otieno Ochieng " na nafasi ya ziada mkiani, na `split_part` ukiiambia ikupe kipande cha mwisho baada ya nafasi hio inakupa kamba tupu. Haipigi kelele wala haikupi kosa, inakurudishia tu hewa. Ukikagua kwa `IS NULL` huoni kitu kwa sababu kamba tupu sio NULL, mpaka uulize `last_name = ''`.

Hayo yalikuwa makosa ya kiufundi, yanaudhi lakini yanarekebishika. Yaliyofuata yalikuwa ya aina nyingine.

Mhasibu alikuwa ameomba ripoti ya kaya, yaani familia ipi inaleta mzigo kiasi gani, kwa sababu mwenye ghala alitaka kukopesha nyavu kwa familia. Kwa kuwa sasa tuna `last_name` nikapanga kwa hio. Ripoti ilitoka imepangika vizuri na ni ya uongo mtupu. Chukua mtu mmoja, Juma Masanja Mabula. Huyo ni Juma, baba yake Masanja, babu yake Mabula. Baba yake mzazi yumo pia kwenye sistimu, anaitwa Masanja Mabula Shija. Na Juma ana kijana anayeuza pale pale, Emanuel Juma Masanja. Watu watatu, babu, baba na mwana, wanakula sufuria moja, na kwenye `last_name` mmoja ni Shija, mwingine Mabula, mwingine Masanja. Majina yanashuka ngazi moja kila kizazi. Ndani ya familia hio wanaokutana kwenye `last_name` ni ndugu wa tumbo moja na watoto wa baba wadogo na wakubwa, baba na mwanae hawakutani kamwe, na mama wa nyumba haonekani kabisa kwa sababu yeye ana majina ya kwao. Juu ya hapo, kila asiye na undugu ambaye babu yake aliitwa Mabula aliingizwa kwenye "kaya ya Mabula", na kina Mabula Usukumani hawahesabiki.

Alafu mapacha. Hili nalisema kwa aibu. Kulikuwa na rekodi nyingi za mtu mmoja kuandikwa mara mbili, mara moja kwa jina la nyumbani na mara nyingine kwa jina la ubatizo, mfano leo ni Shija Magesa Chacha, kesho ni Petro Magesa Chacha. Nikaandika kanuni: majina mawili ya nyuma yakifanana na tarehe ya kuzaliwa ni ile ile, unganisha, hata kama jina la kwanza ni tofauti. Sasa mtu yeyote wa huku angeniuliza swali moja tu: na Kulwa na Doto? Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Kulwa Masanja Mabula na Doto Masanja Mabula, baba mmoja, babu mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Kanuni yangu ilisoma hilo kama mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili, ikammeza Doto ndani ya Kulwa pamoja na salio lake la magunia. Jozi nne zilipotea hivyo. Na mbaya zaidi wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa wakaandikiwa 01/01 au 01/07, kwa hiyo hata ndugu wasio mapacha walikuwa hatarini kama mwaka wao umekadiriwa sawa.

Mkongo mmoja mnunuzi ndiye aliyemalizia. Kwenye karatasi zake jina linaanza na la ukoo, linafuata la pili ambalo wao wanaliita postinom, alafu la ubatizo mwisho, tuseme Ilunga Mwamba Jean. Karani aliandika kwa mpangilio ule ule, na skripti ikasema `last_name` ni Jean. Karatasi za mzigo zikatoka "I. M. JEAN", mzigo ukakaa njiani siku mbili kwa sababu pasipoti inasema kingine. Hilo jina la kati kwa Wakongo lina historia yake, linatokana na zama za Mobutu aliposhika bango la uhalisia mwaka 1972 akataka watu waache majina ya Kizungu, yeye mwenyewe akiacha Joseph-Désiré na kuwa Mobutu Sese Seko. Watu wengi baadaye waliyarudisha majina ya ubatizo lakini lile la pili likabaki. Sio jina la baba, sio la babu. Kolamu yangu ya `middle_name` haikuwa na habari nalo.

Tulichoamua na kwa nini

Kwanza kusimamisha. Malipo yakarudi mkononi wiki mbili, mwenye ghala hakufurahi lakini alikubali.

Pili kurudisha `jina_kamili`. Nilikuwa nimeifuta, bahati bakapu ya usiku wa kabla ya kufuta ilikuwepo na inafunguka. Nikairejesha pembeni nikaihamisha kolamu ile kwa namba ya mteja. Walioandikishwa siku tisa za katikati hawakuwa nayo, hao nikaunganisha vile vipande vitatu na nikawawekea alama ya kuulizwa. Mapacha niliwatenganisha kwa risiti za karatasi za mzani, gunia kwa gunia, siku tatu nimekaa na karani sakafuni.

Tatu ndio ulikuwa ubishi. Mhasibu alitaka fomu iwe na visanduku vitatu: jina lako, jina la baba, jina la babu. Alisema kila mtu Tanzania anajua hivyo na hata kitambulisho cha NIDA kina la kwanza, la kati na la mwisho. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwa wateja wetu wengi ingefanya kazi. Ila nilimwekea mezani wateja watano. Mhaya ambaye jina lake la kati ni lake mwenyewe, alipewa na bibi yake, na la baba ndio linakuja la tatu. Mama aliyeolewa akachukua jina la mume kwenye akaunti lakini sio kwenye kadi ya kura. Salum bin Said, ambaye kwetu jina lake la kati lilikuwa "bin". Abdul Rahman Juma, ambaye tulimkata katikati ya jina moja. Na Mkongo wetu. Mhasibu akacheka kwa bin, akakubali kwa Mkongo, maana yule ndiye mteja mkubwa.

Tukatoka na hivi. `jina_kamili` ndio jina lenyewe, linaandikwa lote kama mwenyewe anavyolitaja au kitambulisho kinavyoonyesha, na hakuna skripti inayoruhusiwa kulibadilisha. Pembeni kuna `tumwiteje`, jina la kwenye meseji, tunamuuliza mtu. Na vipande vitatu vinakaa kwenye jedwali lake, kwa kila hati:

```sql
CREATE TABLE majina_ya_hati (
  mteja_id int REFERENCES wateja(id),
  hati     text,  -- benki, nida, pasipoti
  kwanza   text,
  kati     text,
  mwisho   text,
  chanzo   text,  -- hati, mwenyewe, kukisia
  PRIMARY KEY (mteja_id, hati)
);
```

Sababu ya kuweka kwa hati ni kwamba mtu yule yule anaweza kukatwa tofauti na benki na tofauti na pasipoti, na wote wawili wako sahihi kwenye karatasi yao. Faili la benki linachukua mstari wa `benki` tu. Karani haulizi tena "jina la ukoo wako nani", anauliza "kwenye kadi ya benki limeandikwaje", na anaandika anachokiona. Hakuna kisanduku cha lazima, kwa sababu ukilazimisha karani ataweka nukta au X. Tulikuwa na kina mama kumi na kitu ambao jina lao la kati lilikuwa X.

Kolamu ya `chanzo` wengine waliiona ni urembo. Mimi naona ndio iliyotuokoa, kwa sababu skripti yangu ya kukata haikutupwa, ilibaki ikijaza mapendekezo, lakini inayaandikia `kukisia`, na faili la benki haligusi mstari wowote wa `kukisia` mpaka mtu authibitishe.

Kuhusu ile alama ya ', tulihamia kwiri zenye vigezo kwa hiyo haivunji kitu tena, na tunaihifadhi jinsi ilivyo. Kumbe napo kuna vichochoro. Kwenye kompyuta karani anapata ' iliyonyooka, kwenye simu kiibodi inampa ’ iliyopinda, wengine wanabonyeza `. Kwa macho ni Ng'wandu mmoja, kwa mashine ni watu watatu. Kwa hiyo kutafuta kunapita kwenye ufunguo wa pembeni:

```sql
lower(regexp_replace(jina_kamili, '[''’‘`ʼ]', '', 'g'))
```

Angalia inaondoa bila kuacha nafasi. Pasipoti zinafanya hivyo hivyo, ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine inafuata mwongozo namba 9303 wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, alama ya ' inadondoshwa tu na herufi zinashikana, NG'WANDU anakuwa NGWANDU. Mtangulizi wangu angefuta bila kuweka nafasi, nusu ya kisa hiki isingekuwepo.

Matokeo

Makarani wawili walipiga simu na kusubiri watu mzanini kwa wiki tano. Wale kina "Ng" hatukuwarudishia kwa skripti, kwa sababu "Ng wana" unaweza kudhani unajua lakini kuna wanaoandika Ng'hwana na kitambulisho kinasema hivyo. Tuliwatafuta kwa `jina_kamili ~* '\mng\M'` alafu mmoja mmoja akaulizwa.

Faili la kwanza tuliporudi benki lilikuwa na malipo 290, pungufu kwa sababu wasiothibitishwa waliachwa nje. Yakarudi manne, na matatu kati ya hayo ni namba ya akaunti iliyokosewa, sio jina. La nne ni mama ambaye benki wenyewe walimwandika vibaya, na sisi tukalazimika kuandika vibaya vile vile ili alipwe. Mstari wake wa `benki` una kosa hilo mpaka leo, `jina_kamili` lake liko sawa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi sio lile jedwali, ni kubadilisha swali la karani. Ukimuuliza mtu wa huku "jina la ukoo" atakutajia kitu, ni adabu tu, hatakwambia swali lako halina maana kwake. Atakupa jina la babu, au la ukoo kweli kama kwao wanalo, au la mume, kutegemea anavyodhani unataka nini. Ukimwambia soma kadi, anasoma kadi. Gharama yake ni muda, na foleni mzanini asubuhi ilirefuka kweli, wauzaji walinung'unika, na kuna siku karani alirudi kwenye uzembe wa zamani akawa anakubali mapendekezo yote ya skripti bila kuangalia. Tulimgundua kwa sababu mistari arobaini ilithibitishwa ndani ya dakika tatu.

Kilichofeli tangu mwanzo ni ukaguzi wangu. Rekodi thelathini za mwanzo kwenye jedwali zilikuwa za watu walioandikishwa mwezi mmoja kwenye mwalo mmoja, wote majina matatu, hakuna Mjaluo, hakuna Mkongo, hakuna '. Ningepanga kwa idadi ya maneno kwenye jina ningeona mapema, maana wenye neno moja, mawili, na manne kwenda juu walikuwa karibu theluthi. Hao ndio wa kusoma kwa jicho. Na vipande vya herufi mbili au chini ya hapo, ambavyo vingenitolea kina Ng wote kwa mpigo mmoja.

Kuhusu kuunganisha rekodi, sasa hakuna kinachounganishwa na mashine. Inaonyesha jozi inazozishuku, na jozi yenye Kulwa na Doto inaachwa nje kabisa, pamoja na Kato, Wasswa, Nakato na Babirye kwa ajili ya Waganda, kwao nao mapacha wana majina yao. Orodha hio haitoshi, najua, mapacha waliobatizwa Petro na Paulo hawamo. Hao anawaona karani.

Ripoti ya kaya haikupatikana. Nilimwambia mhasibu hakuna namna ya kuitoa kwenye majina, akitaka kaya aweke kolamu ya kaya na aulize watu wanaishi na nani. Bado kuna wateja mia mbili na kidogo ambao mstari wao wa benki ni `kukisia`, wengi ni wavuvi wa kambini wanaohama na samaki, wao wanalipwa mkononi Ijumaa kama zamani. Yule mzee niliyempokea na simu tulimuuliza tumwiteje kwenye meseji. Akasema andikeni Babu Ng'wandu, na hio babu msiisahau.